Msela wa jana, baharia wa leo: shajara ya kutafsiri maneno ya kijiweni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Simulizi yote ya riwaya imeshahamia kwenye Kiingereza, sura 22, nami nilijidanganya kwamba kilichobaki ni kupiga pasi. Leo mhariri wa huko ng'ambo amerudisha sura tatu za mwanzo. Hakuandika mengi. Amesema akifuta majina hawezi kujua ni nani anayeongea.

Riwaya ni ya rafiki yangu, na inazunguka kijiwe kimoja cha bodaboda, Tandika, Dar es Salaam. Wanaobeba mazungumzo ni watu watatu. Jafa, jina kamili Jafari, ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne na sasa anashinda kijiweni. Side ana miaka 26, ndiye mwenye pikipiki. Anko Mudi ana miaka 52, aliwahi kuzunguka bandarini miaka ya tisini, na mpaka leo anageuza kofia nyuma mbele. Kwenye Kiswahili cha mwandishi unawatambua hata ukizima taa. Kila mmoja ana maneno ya rika lake na jeuri ya namna yake.

Nimefungua faili langu na kutafuta neno "bro". Limetokea mara 47, na wanalisema wote watatu, Anko Mudi akiwemo. Mhariri ana haki.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa ya kwanza iliyonijia ni ile inayomjia kila mtu: chukua misimu ya vijana wa mji mwingine mkubwa, uipachike. Jafa ni kijana wa mjini, London wapo vijana wa mjini, basi wazungumze kama hao. Mstari "Oya mwana, unazingua" nikauandika "You're moving mad, fam". Mdomoni unatiririka vizuri sana, na hapo ndipo penye mtego. Niliposoma ukurasa mzima kwa sauti, Tandika ilikuwa imeyeyuka. Jafa alikuwa amesimama kituo cha basi kusini mwa London, na kile Kiingereza chao kilichojaa maneno ya watu wa Karibiani kimembebesha historia ya wahamiaji ambayo si yake. Nilijaribu na ya Marekani. Huko ni vilevile, ila msomaji anamwona akiwa na ngozi, mtaa na polisi wa kule.

Kuna kasoro nyingine ambayo niliiona baada ya kunywa chai. Hilo "zingua" si mali ya vijana tena. Kwenye Kiswahili cha zamani kuzingua ni kukunjua kilichozingwa, na ni kumtoa mtu uchawi uliomfunga. Mtaani likageuka kuwa kukera, kuharibu mambo, kuleta za kuleta. Likazunguka miaka mingi kijiweni, mpaka mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akawaonya wateule wake kwa neno hilohilo, kwamba wakizingua watazinguana. Neno likishapita Ikulu, mwenye miaka 17 halisemi tena ili kuonyesha ujana. Analisema kwa sababu ndilo neno. Nikilitafsiri kwa msamiati unaomilikiwa na vijana peke yao, nimemfanya Jafa aonekane anajitahidi kuwa wa kisasa, wakati yeye hajitahidi kabisa.

Kwa hiyo nimefuta. Siku mbili za kazi zimekwenda na maji.

Jumatano, 12 Machi

Sasa nimeanza upya, na kwenye kila mstari wenye lugha ya mtaani najiuliza maswali matatu kabla ya kugusa Kiingereza. Neno hili lina umri gani? Linatupwa kwa nani? Linafanya kazi gani pale: linaomba, linasukuma, linabembeleza, linamkata mtu maneno? Maana ya kamusi naiweka mwisho, maana mara nyingi ndiyo yenye uzito mdogo.

Wataalamu wa lugha wanayaita maneno haya misimu, na jina limewakaa. Yana masika yake na kiangazi chake. Tatizo ni kwamba mimi nina miaka 41, na kumbukumbu yangu ya neno gani lilikuja lini ni ya kudanganya. Nakumbuka lini mimi nililisikia, si lini lilianza wala lini lilikufa. Nimepata kipimo kingine. Jioni, kabla ya futari, nakaa kwenye kijiwe cha karibu na nyumbani, nayataja maneno ya kitabuni kama ninayoyatumia mwenyewe, kisha naangalia nyuso. "Noma" limepita bila mtu kushtuka. "Mzuka" limepata tabasamu la huruma. Nilipojibu salamu kwa "poa kichizi kama ndizi", dogo mmoja aliinama akacheka mpaka akashika usukani wa pikipiki, halafu akasema, "Hiyo ya kina baba." Kicheko hicho kina thamani kuliko kamusi yoyote niliyo nayo. Neno linalochekwa ni la Anko Mudi. Neno lisiloonekana ni la wote. Neno ambalo mimi mwenyewe sikulielewa, ikabidi niulize, hilo ni la Jafa.

Ndani ya kazi hiyo nimekutana na kitu ambacho mwandishi alikipanda na mimi nilikuwa nimekikanyaga bila kukiona. Anko Mudi huwaita wenzake "masela". Vijana, kuanzia sura ya 14, wanaitana "baharia". Mwanzo yote mawili niliyaandika "guys".

Msela, kama wanavyosimulia watu wa mjini, ametoka kwenye neno la Kiingereza la mtu wa melini. Ni kijana wa bandarini, asiye na kazi maalumu, anayesubiri upenyo wa kuzamia meli. Baadaye akawa kijana yeyote wa kijiweni. Kisha miaka ikapita, neno likachakaa, na vijana wa sasa wakaja na "baharia", yaani mtu mjanja, mzoefu wa mitaa na wa mapenzi, asiyekamatika. Baharia ni nani? Ni mtu wa melini. Mji uleule umerudi kwenye picha ileile. Mara ya kwanza iliazimwa kwa Kiingereza, mara ya pili ikachotwa kwenye Kiswahili chenyewe. Anko Mudi na Jafa wanasema neno moja bila kujua.

Nimekaa na hili siku nzima. Uamuzi wangu: "msela" litakwenda kwenye Kiingereza kama "sailor", maana huko ndiko lilikotoka, na Anko Mudi ana ile hadithi yake ya kuzamia meli ya kwenda Durban ambayo hakuna anayeiamini. Likisikika la ajabu na la kizamani, sawa, yeye mwenyewe ni wa ajabu na wa kizamani. "Baharia" litabaki "baharia". Vijana walilichukua kwenye Kiswahili, liachwe huko. Katika sura ya 19 Anko anawaambia maana yake, na msomaji wa Kiingereza atagutuka palepale anapogutuka Jafa.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimefanya ukurasa mmoja tu, ila ndio ukurasa nilioukwepa tangu Januari. Asubuhi, kijiweni. Kwenye asili uko hivi:

"Oya Side, mkeka umechanika. Dakika ya tisini, mwanangu. Nitoe buku basi."

"Buku? We dogo unazingua. Jana nimekutoa msimbazi mzima."

"Masela! Poa kichizi kama ndizi? Mnagombea mshiko asubuhi yote hii?"

"Shikamoo, anko."

Side anacheka. Anko Mudi anashusha kofia, anasema, "Marahaba."

Mkeka kwanza. Ni tiketi ya kubeti yenye mechi nyingi, zimepangwa moja chini ya nyingine kama ukili ulioshonwa. Timu moja ikiharibu, mkeka mzima umechanika. Waingereza wana neno lao la mitaani kwa beti ya namna hii, nikaliweka, likamrudisha Jafa London kwa nauli yangu mwenyewe. Nimeamua kuandika mkeka wenyewe, "mat". Msomaji atashangaa nusu sekunde, halafu dakika ya tisini itamwambia kwamba ni mpira na ni pesa. Kuna sababu nyingine ya kung'ang'ania: mwisho wa sura hiyohiyo Jafa anakaa kwenye mkeka wa kweli, msibani, na mwandishi hakuliweka neno mara mbili kwa bahati.

Pesa zimenisumbua zaidi. Buku ni shilingi 1,000. Nikiandika "a thousand", msomaji wa mbali anamwona mtoto anayeomba utajiri, kumbe ni chini ya nusu dola. Nikibadilisha kuwa senti za dola nimehamisha kijiwe. Kinachotakiwa kusikika si kiasi bali uwiano: anaomba kidogo, jana alipewa kingi. Msimbazi ni noti ya 10,000, nyekundu, na jina limetoka kwa wekundu wa Mtaa wa Msimbazi, yaani Simba. Basi neno "mzima" ndilo linalofanya kazi. "A buku" ikifuatwa na "a whole Msimbazi" inajitosheleza, hakuna anayehitaji kujua hesabu.

Nilikuwa tayari kulitoa hilo Msimbazi niandike noti nyekundu basi, yaishe. Nikakumbuka sura ya tisa. Anko Mudi ni Yanga wa kufa, na hakubali kulitamka jina hilo hata akiwa anadai deni lake. Anasema "ile noti". Bila Msimbazi utani wote unakufa. Nimempigia mwandishi, akaniruhusu kuongeza maneno machache kwenye simulizi ya sura ya pili, pale Side anapohesabu mapato: noti nyekundu kama jezi ya Simba. Sipendi kuongeza, na sitaongeza pengine popote, lakini hapa nimelipa kidogo nikapata sura nzima.

Halafu "unazingua". Hapa kazi yake ni kumzuia mdogo asiendelee na kiherehere, kwa ukali wenye mapenzi ndani. Kiingereza cha kawaida kabisa kina hicho: "Don't start". Hakina msimu wowote, hakizeeki, na jeuri ya Side imo yote. Nilipopitia sura nyingine nikaona zingua moja imenipa Kiingereza sita tofauti, na hakuna hata kimoja ambacho ni lugha ya vijana. Hilo nisingelikubali wiki mbili zilizopita.

"Dogo" nimeliacha. Nilijaribu "kid", likamfanya Side kuwa mlinzi wa filamu za zamani. Dogo linarudi mara nyingi mno kwenye kitabu kiasi kwamba kufikia ukurasa wa kumi msomaji atakuwa analisikia sawasawa, pamoja na kile kipimo cha urefu kilichomo: nimekuzidi, lakini wewe ni wangu.

Anko sasa. Vina vyake vimepitwa na wakati, na kosa rahisi ni kumtafutia misimu ya Kiingereza ya miaka ya tisini, ambayo nayo ina anwani yake. Nimetunga kina kisicho na nchi, chenye uchovu wa kutosha. Yeyote atasikia kwamba mtu huyu aliwahi kusifiwa kwa maneno haya, zamani.

Na shikamoo. Huu ndio mkuki wa ukurasa. Siku nyingine Jafa humwambia "vipi anko", na mzee anajiona mwenzao. Leo amechoka, amepoteza beti, anachagua heshima kama silaha. Hajamtukana. Amemwamkia kama inavyotakiwa, na kwa salamu hiyo moja amemrudishia miaka yake yote 52 kichwani. Anko hana pa kutokea, kwa sababu shikamoo ikishatolewa lazima ijibiwe. "Good morning, sir" haiwezi, maana kwa Kiingereza mtu anaweza kuijibu kwa kutania. Nimeiacha ilivyo, na marahaba nayo. Msomaji asiyejua Kiswahili ana kicheko cha Side na kofia inayoshuka. Mwandishi aliviweka hivyo viwili hata kwa sisi tunaojua.

Ukurasa umeishia hivi:

"Side, oya. My mat's torn. Ninetieth minute. A buku, come on."

"A buku? Don't start, dogo. Yesterday I gave you a whole Msimbazi."

"Sailors! All easy? Easy and breezy? Fighting over shillings this early?"

"Shikamoo, Uncle."

Jumamosi, 22 Machi

Mvua tangu alfajiri, umeme umekatika mara mbili. Nimefanya mambo madogo.

Side anapenda kile kiambishi cha "-ga": "huwaga", "hainaga ubishi". Kimetoka bara, kwa Wasukuma na jirani zao, na sasa kimezagaa Dar nzima. Walimu wa Kiswahili wanakichukia, na Side anakitumia hasa anapotaka kuonekana ameyaona mengi. Kiingereza cha Wamarekani weusi kina kitenzi cha mazoea kinacholingana nacho karibu kabisa, na ndiyo maana sitakigusa. Nimeikubali hasara kwenye kiambishi na kuilipa pengine: Side wa Kiingereza ana tabia ya kurudia mwisho wa sentensi kwa mkato. "It doesn't argue, that one. Never does." Si kitu kilekile. Ni mtu yuleyule.

Nimegundua pia kwamba umri wa Jafa haumo sana kwenye maneno kama nilivyodhani. Umo kwenye pumzi. Anaanza sentensi katikati, anaacha kitenzi, haelezi kitu kwa sababu haamini kuna mtu asiyejua. Anko Mudi ni kinyume: anamaliza sentensi zote, na akitumia neno la mtaani anasubiri kidogo aone kama limepokelewa. Hivyo viwili vinavuka kwenda Kiingereza bila pasipoti. Nimepita sura tano nikifupisha mistari ya Jafa na kumwongezea Anko viunganishi.

"Bro" zimebaki tatu. Zote za Side, zote akiongea na abiria.

Ijumaa, 28 Machi

Mhariri amefanya jaribio lake. Amechukua mistari 40 kutoka sura sita, akafuta majina, akampa mwenzake ambaye hajasoma kitabu zaidi ya kurasa za mwanzo. Amepatia 33. Anko Mudi hakukosewa hata mara moja. Saba zilizopotea ni Side na Jafa, na zote zimetoka kwenye ugomvi wa sura ya 17.

Nimerudi kwenye Kiswahili kutafuta nilipoteleza. Nilikuwa nimewapa wote wawili ukali wa aina moja, sentensi fupi fupi na dharau. Kumbe mwandishi hakufanya hivyo. Jafa akikasirika anazidi kuwa wa mtaani. Side akikasirika, misimu inamtoka yote na anabaki na Kiswahili cha darasani: "Jafari, nimekuambia ukae chini. Nisikilize." Hakuna dogo, hakuna oya, na jina limetajwa lote. Sote tulikua na mtu wa namna hiyo nyumbani. Ukisikia jina lako kamili unajua hapa hakuna masihara tena. Nami kwa kutaka kumlinda kijana wangu wa bodaboda asisikike kama mwalimu, nilimrudishia lugha ya mtaani ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameivua.

Nimeirekebisha jioni hii. "Jafari. I told you to sit down. You will listen to me." Kiingereza kisicho na kovu lolote, na ndicho kikali kuliko chote kwenye sura.

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita, tumerudi mezani. Sura ya 17 imepelekwa upya.

Limebaki neno moja ambalo silipatii. Baada ya mazishi, sura ya 21, Side anamuuliza Jafa, "Vipi?" Jafa anajibu, "Tupo." Anko Mudi naye, ambaye hakuulizwa, anasema, "Tupo." Ni neno la rika zote, halina msimu, halina jeuri. Yupo peke yake lakini anasema kwa wingi, na kati ya hao "sisi" kuna mmoja ambaye tangu saa kumi ya jana hayupo tena. Nimeandika "We're here" na nimeifuta mara nne, kwa sababu kwa Kiingereza inasikika kama watu waliofika mahali. Kwa sasa Jafa anasema "Still here", Anko anasema "We're still here", na ule wingi nimempa yeye kwa kuwa ndiye mwenye umri wa kuubeba. Nimemwandikia mwandishi. Amejibu kwa ujumbe wa neno moja, "Poa", na sijui ni poa ipi.